Nyumba tano, mbu 140: takwimu inaweza kutuambia nini?

Tuseme watafiti wametega mitego ya taa usiku mmoja katika nyumba tano za kijiji kimoja cha Bonde la Kilombero, huko Morogoro. Hesabu zifuatazo ni za mfano, lakini mbu wenyewe wapo bondeni humo: funestus na arabiensis, ambao ni mbu waenezao malaria, pamoja na kuleksi na mansonia, ambao hapa tunawahesabu kila kundi kama spishi moja. Asubuhi mbu 140 wanahesabiwa. Funestus ni 22, arabiensis 22, kuleksi 93 na mansonia 3.

Ili kueleza mchanganyiko huo kwa namba moja, tunatumia fahirisi ya uanuwai aliyoiasisi Edward Simpson mwaka 1949. Chukua mbu wawili bila kuchagua: kuna uwezekano gani kwamba watakuwa wa spishi tofauti? Unatafuta sehemu ya kila spishi katika jumla, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha majibu, kisha unatoa jumla hiyo kwenye moja. Hapa tunapata 0.51.

Je, tungetega katika nyumba nyingine tano, tungepata 0.51 tena? Mwaka 1979 Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha njia ya kukadiria jambo hilo bila kurudi kijijini. Andika namba za nyumba kwenye vikaratasi vitano na uvitie kikapuni. Chota kimoja, andika namba yake, kirudishe, uchote tena hadi utimize mara tano. Nyumba moja inaweza kutoka mara mbili na nyingine isitoke kabisa. Jumlisha mbu wa nyumba zilizotoka, kokotoa fahirisi, kisha rudia maelfu ya mara kwa kompyuta. Panga majibu kwa ukubwa, ondoa asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu. Yanayobaki katikati ndiyo masafa ya uhakika ya asilimia 95.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchota mbu mmoja mmoja badala ya nyumba. Kwa data yetu, kuchota mbu kunatoa masafa ya karibu 0.42 hadi 0.58, na mtu anaridhika. Lakini mbu walionaswa katika mtego mmoja si mashahidi wanaojitegemea, kwani wameletwa na mazingira yale yale. Nyumba ya nne ilinasa mbu 62, na 60 kati yao ni kuleksi. Choo cha shimo kilicho karibu kinatosha kuleta hali hiyo, kwa sababu kuleksi huzaliana humo. Tukichota nyumba, masafa yanatanuka na kuwa karibu 0.22 hadi 0.69. Haya ndiyo ya kuaminiwa zaidi, hata kama hayapendezi.

Utajuaje kwamba sampuli ni chache mno? Chora majibu yote ya kompyuta kwenye grafu. Badala ya kilima kimoja laini utaona vilima kadhaa. Nyumba ya nne isipotoka, fahirisi huwa karibu 0.67. Ikitoka mara moja, hushuka hadi karibu 0.5, na ikitoka mara mbili, karibu theluthi moja. Grafu ya namna hiyo inaeleza habari za nyumba moja zaidi kuliko za kijiji. Kuongeza marudio kutoka 1,000 hadi 100,000 hakusaidii, maana nyumba tano zina michanganyiko 126 tu inayowezekana.

Hata masafa yale mapana yana upungufu. Kwa sampuli tano, njia hii hukadiria kosa sanifu chini kwa takriban asilimia 11, hivyo ukweli hutoka nje ya masafa mara nyingi kuliko asilimia 5 tunayoahidi. Tena, kikapu hakiwezi kutoa spishi ambayo haikunaswa, lakini kinaweza kupoteza iliyopo. Mansonia walinaswa katika nyumba ya tano peke yake, na nyumba hiyo hukosekana katika theluthi moja ya michoto. Ndiyo maana nimechagua fahirisi ya Simpson: spishi adimu huitikisa kidogo. Fahirisi ya Shannon, inayozipa spishi adimu uzito zaidi, huvutwa chini waziwazi.

Sasa tuseme vyandarua vipya vimegawiwa, na mwaka unaofuata nyumba tano nyingine zinatoa 0.62. Ripoti itakayosema mchanganyiko wa mbu umebadilika haina ushahidi. Ingekuwa fedha ni zangu, nisingerudia mitego usiku kumi katika nyumba zile zile tano. Ningetega usiku mmoja katika nyumba hamsini, na katika jedwali ningeandika idadi ya nyumba kando ya idadi ya mbu.