Mafua Yanapopata Nafuu Kisha Yakarudi

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miezi 18, mwenye uzito wa kilo 11. Mafua yalikuwa yameanza Jumatatu kwa chafya, kamasi nyepesi, kikohozi na joto kidogo. Alhamisi mtoto aliamka amechangamka, akanywa uji na kucheza. Jumamosi usiku homa ilirudi na kikohozi kikazidi. "Daktari, nilidhani yamekwisha," alisema mama huyo. "Sasa ni kama yanaanza upya."

Maneno hayo yalikuwa nusu ya utambuzi. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi. Huwa makali zaidi katika siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua taratibu, ingawa kikohozi huweza kubaki kwa wiki mbili au zaidi. Kamasi kuwa nzito na ya njano au ya kijani baada ya siku chache ni jambo la kawaida. Rangi hiyo peke yake haihitaji antibiotiki. Lakini virusi hujeruhi utando wa njia ya hewa, na bakteria waliokuwa wakiishi puani na kooni bila madhara hupata upenyo. Ndiyo maana mgonjwa aliyepata nafuu kisha akazidiwa anapaswa kuchunguzwa upya.

Mtoto huyo alikuwa akilia, na muuguzi alipomhesabia pumzi alipata 58 kwa dakika. Hesabu ya mtoto anayelia haiaminiki. Tulimwomba mama amnyonyeshe na kumtuliza, kisha tukainua shati lake na kuhesabu kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Tulipata 48. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5 mwenye kikohozi huhesabiwa kuwa anapumua haraka akifikisha pumzi 40 kwa dakika. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50. Na aliye chini ya miezi 2, pumzi 60. Huyu wa mwisho hupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Hata kama kingeonyesha, pumzi zingehesabiwa vilevile, kwa kuwa malaria na nimonia huweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Sehemu ya chini ya kifua chake haikuwa ikibonyea ndani alipovuta pumzi, na alikuwa akinyonya vizuri. Alitibiwa nyumbani kwa amoksilini ya vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka majini: vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5. Aliporudi siku ya tatu, pumzi zilikuwa 34 na hamu ya kula ilikuwa imerejea.

Njia hiyohiyo ya kupata nafuu na kuzidiwa huweza kuelekea sikioni. Mrija unaounganisha koo na sikio la kati ni mfupi na umelala zaidi kwa mtoto mdogo, hivyo huziba upesi. Mtoto hulia usiku, hukataa kulala chali au hushika sikio. Mara nyingine maumivu hukoma ghafla na usaha ukatoka. Hiyo si dalili ya kupona: kiwambo cha sikio kimetoboka, na sikio linahitaji kukaushwa na kutibiwa.

Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso huweza kujaa usaha. Shuku hilo iwapo kamasi na maumivu ya uso yamepita siku 10 bila nafuu yoyote, au yamezidi baada ya kupungua, au iwapo homa ya nyuzi 39 na kamasi ya usaha vimeendelea pamoja kwa siku 3 au 4 tangu mwanzo.

Nimonia haingojei nafuu itangulie kila mara. Kwa hiyo mpeleke mgonjwa hospitali siku yoyote akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kutoamka vizuri, au kifua kikibonyea ndani. Uvimbe nyuma ya sikio au kuzunguka jicho pia hausubiri kesho. Mtu mzima aende akikosa pumzi, akichanganyikiwa au akikohoa damu.

Kwa mhudumu wa afya, maswali mawili yatangulie dawa: leo ni siku ya ngapi, na je, alipata nafuu kwanza? Kisha mtulize mtoto, ukahesabu pumzi kwa dakika nzima.