Vitanzi viwili, na bado si n mraba

Katika majaribio ya sayansi ya kompyuta kuna swali linalowaangusha wengi. Mwanafunzi anapewa programu fupi yenye kitanzi ndani ya kitanzi, anaulizwa: data ikiongezeka, kazi itaongezeka kwa kasi gani? Wengi wanaona vitanzi viwili, wanaandika O(n²) na kufungua ukurasa unaofuata. Tazama hiki:

```
for (i = 1; i < n; i = i * 2)
    for (j = 0; j < i; j++)
        k++;
```

Hapa n ni ukubwa wa data, na k inahesabu kazi ya ndani imefanyika mara ngapi. Kitanzi cha nje hakiendi hatua mojamoja, maana i inazidishwa kwa mbili kila mzunguko. Kama n ni 16, i inakuwa 1, 2, 4 na 8, basi. Ikifika 16 kitanzi kinakoma. Cha ndani nacho huzunguka mara i tu. Jumla ni 1 + 2 + 4 + 8, yaani 15.

Mwanafunzi makini anaweza kukosea kwa njia nyingine. Anaona kitanzi cha nje kinazunguka logi ya n, anaizidisha kwa n, anaandika O(n log n). Lakini kuzidisha kunafaa pale ambapo kitanzi cha ndani kinazunguka idadi ileile kila mara, kama tungeandika j < n. Hapa idadi inabadilika kila i inapobadilika, kwa hiyo lazima tujumlishe. Na katika mfululizo huu namba ya mwisho huwa kubwa kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa: 8 inaishinda 1 + 2 + 4. Ndiyo maana jumla haifiki kamwe mara mbili ya n. Kwa n ya 1024, kazi ni 1023. Ile n log n ingetoa 10240. Jibu ni O(n).

Je, aliyeandika O(n²) amesema uongo? Kihisabati, hapana. Alama ya O, aliyoitumia Paul Bachmann mwaka 1894, hutaja kikomo cha juu tu, na n mraba ni kikomo cha juu kilicho mbali mno. Mwaka 1976 Donald Knuth alipendekeza Θ itumike kwa kiwango kinachobana juu na chini. Kwa maoni yangu, mtahini anayetaka jibu moja aulize Θ.

Ukitilia shaka jibu lako, endesha programu, usome k, kisha ongeza n maradufu. Hapa 15 inakuwa 31, karibu mara mbili. Ukiweka i++ mahali pa i = i * 2, 120 inakuwa 496, zaidi kidogo ya mara nne, na huo ndio mraba. Ila usipime kwa kuongeza n kidogokidogo: kutoka 16 hadi 17, k inaruka kutoka 15 hadi 31, kisha inabaki hapo hadi n ifike 32.