Kipindi Kimepanda, Tangazo Lisubiri Kwanza

Mtayarishaji wa podikasti anapobonyeza Publish, mara nyingi sauti yake haijafika Spotify wala Apple Podcasts. Faili limekaa kwenye seva ya kampuni inayomhifadhia vipindi. Kilichobadilika ni orodha moja ya maandishi, RSS, ambayo imeongezewa taarifa za kipindi kipya. Programu za kusikilizia huipitia orodha hiyo kila moja kwa wakati wake, kwa hiyo moja itakiona kipindi baada ya dakika chache na nyingine baada ya saa kadhaa. YouTube nako kuna kusubiri kwa namna yake: video huanza kuonekana kwa ubora wa chini, na picha safi hufuata mitambo ikishamaliza kuichakata.

Tangazo likitoka katika mwanya huo, wanaoumia ni wasikilizaji waaminifu kuliko wote, wale wanaofungua linki dakika ileile wanapoiona. Wanakuta ukurasa mtupu, au picha yenye ukungu, na wengi wao hawarudi kujaribu tena jioni. Ndiyo maana ningependa mtayarishaji akae na subira hadi kila linki anayokusudia kuitoa ifunguke, tena ifunguke kwenye simu ya mtu mwingine. Simu yake mwenyewe haitoshi, kwa sababu YouTube humwonyesha mwenye akaunti hata video iliyoachwa kwenye Private. Yeye anaiona vizuri, anaitangaza kwa furaha, na dunia nzima inakuta imefungwa. Jaribio la kweli ni kumtumia linki ndugu au jirani ambaye hajaingia kwenye akaunti hiyo, na kumwomba aifungue.

Katika jaribio hilo hilo aangalie pia linki inampeleka wapi. Kuna linki ya podikasti nzima na kuna linki ya kipindi kimoja. Ya kwanza humfikisha msikilizaji kwenye ukurasa wenye vipindi vyote, na kila kipya kinapoingia, kile kilichotangazwa kinasukumwa chini. Tangazo la kipindi litumie linki ya kipindi.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme kipindi ni mahojiano ya dakika 47 na fundi wa majahazi wa Lamu, na kipo kwa sauti na kwa video. Mtayarishaji anahitaji kipande cha kama sekunde 45 cha kuwavutia watu. Wengi hukata mwanzo, kwa kuwa ndipo mgeni anapotambulishwa. Lakini utambulisho ni salamu, jina na shukrani, na asiyemjua fundi huyo hana sababu ya kubaki. Katika mazungumzo yetu kuna dakika ya 21 na sekunde 34, fundi anapoeleza kwa nini anaziba nyufa za jahazi kwa pamba iliyolowekwa mafuta: ubao ukinywa maji huvimba, ukivimba huibana pamba, na chombo hukaza kikiwa baharini kuliko kilivyokuwa nchi kavu. Hapo pana jambo zima, lenye mwanzo na mwisho. Kipande kianze kwenye neno la kwanza la maelezo hayo, bila muziki wa kufungulia, na kiishie mara tu baada ya mwendeshaji kuuliza, “Na pamba ikikosekana?” Mtazamaji amepata kitu kamili, na swali linalofuata linamwita kwenye kipindi.

Kipande kikatwe wimawima, pikseli 1080 kwa 1920, ili kijaze kioo cha simu. Maneno ya fundi yaandikwe juu ya picha, kwa maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, wakiwa kwenye daladala au ofisini. Maandishi hayo yasiwekwe chini kabisa, kwani TikTok na Instagram hufunika sehemu hiyo kwa jina la akaunti na maelezo, wala yasigusane na vitufe vilivyo upande wa kulia.

Kichwa cha habari ndicho kinachoharibika mara nyingi zaidi. “Kipindi cha 14: Mazungumzo na Fundi” kinamfaa mtunza kumbukumbu tu. “Kwa nini jahazi la Lamu huzibwa kwa pamba” kinamwambia msomaji atakachokijua. YouTube inaruhusu herufi 100, lakini simu hukata kichwa mapema sana, hivyo jahazi na pamba vije mbele na namba ya kipindi ikae mwisho. Kichwa kisiahidi jambo ambalo kipindi hakina. Anayefunguliwa kwa pamba akakutana na nusu saa ya siasa ya bandari amedanganywa, na hilo atalikumbuka.

Linki nayo haishi sawa kila mahali. Kwenye WhatsApp na Facebook hubonyezeka palepale. Ukiibandika kwenye kundi la WhatsApp, ngoja picha ndogo na kichwa vijitokeze kabla ya kutuma, maana ukiwahi kutuma, wenzako watapata mstari mkavu wa herufi. Kipande chenyewe ni bora kikae kwenye Status kwa saa zake 24, na kundini iende linki na sentensi moja, ili usiwamalizie watu bando kwa video ambayo hawakuiomba.

Instagram ni kinyume. Linki iliyoandikwa chini ya picha au video ni maandishi tu, haibonyezeki. Inakubalika kwenye stori, kwa stika ya linki, na kwenye wasifu wa akaunti. YouTube Shorts nako, tangu Agosti 2023, linki za kwenye maelezo na maoni hazibonyezeki. Badala yake mwenye chaneli huchagua video ndefu katika sehemu ya Related video, nayo hutokea juu ya kipande. Wengi hawajui sehemu hiyo ipo. Kwa wasikilizaji wetu, ambao wengi wana simu za Android, ningetanguliza YouTube na Spotify, na Apple Podcasts ifuate.

Utajuaje tangazo limekwama? Ukiona kipande kimetazamwa na maelfu huku kipindi kikibaki pale pale, tafuta kwanza linki: huenda haipo, au haibonyezeki. Ikiwa watu wanafika lakini wanaondoka, fungua YouTube Studio utazame mchoro wa muda wa kutazama. Mstari unaoporomoka katika nusu dakika ya kwanza mara nyingi humaanisha kwamba waliokuja kwa ajili ya pamba wamekutana na muziki na matangazo. Dawa moja ni kuwapeleka moja kwa moja kwenye mazungumzo hayo. Dakika 21 na sekunde 34 ni sekunde 1294, basi mwisho wa linki huandikwa hivi, na kitambulisho cha video kikikaa mahali pa KITAMBULISHO:

```
https://youtu.be/KITAMBULISHO?t=1294
```

Limebaki tatizo la wiki ya pili. Kipande cha pamba bado kinazunguka na bado kinasema “linki iko kwenye wasifu”, lakini kwenye wasifu sasa kuna linki ya kipindi kingine. Mtu anayekutana na fundi wetu mwezi ujao atafikishwa kwa mgeni asiyemtafuta. Kwa hiyo linki ya wasifu iende kwenye ukurasa mmoja unaoorodhesha vipindi vyote kwa vichwa vyao, na kila kipande kitaje kichwa cha kipindi chake neno kwa neno, ili anayefika aweze kukitambua katika orodha.