Sindano Mbili kwa Jeraha Moja

Mtu aliyeraruliwa na mbwa mwenye dalili za kichaa, akibahatika kufika kwenye hospitali yenye dawa zote, hudungwa sindano za aina mbili siku hiyohiyo. Moja huingia kwenye msuli wa bega, au pajani kwa mtoto mdogo, kisha hurudiwa baada ya siku chache. Nyingine hudungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe, mara moja tu, na hiyo ndiyo inayowaliza watoto. Wengi hutoka hapo wakiamini wamepewa chanjo mara mbili. Ukweli ni kwamba wamepewa vitu viwili visivyofanana hata kidogo, na kimoja hakiwezi kushika nafasi ya mwenzake.

Sindano ya bega ndiyo chanjo. Ndani yake mna virusi vya kichaa cha mbwa vilivyokwisha kuuawa. Haviwezi kumwambukiza mtu, lakini umbo lao bado lipo, na seli za kinga zikikutana nalo huanza kuzaliana na kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazong'ang'ania ganda la kirusi hadi kisiweze kupenya kwenye seli. Kazi hiyo haifanyiki usiku mmoja. Kingamwili za kwanza huonekana kwenye damu baada ya siku 7 hadi 10, na kufikia siku ya 14 hivi watu wengi huwa wamevuka kiwango ambacho maabara hukihesabu kuwa cha kutosha, nusu yuniti kwa kila mililita ya damu. Malipo ya subira hiyo ni kumbukumbu: baadhi ya seli zilizofundishwa hubaki mwilini kwa miaka, zikimngojea adui yuleyule.

Sindano ya jeraha haifundishi chochote. Inabeba kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mwili mwingine, ama wa binadamu aliyechanjwa akatoa damu, ama wa farasi. Zinaanza kufanya kazi pale pale zinapokutana na kirusi. Ila mwili hauna namna ya kutengeneza nyingine zaidi yake. Kingamwili za binadamu hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi, na za farasi huondoka haraka zaidi. Chanjo ni shamba lililopandwa, na kingamwili hizi ni unga wa kuazima kwa jirani wa kula mpaka mahindi yakomae.

Wasomaji wengi wamewahi kuziona kinga hizi mbili zikifanya kazi pamoja bila kutambua. Mama mjamzito anapochanjwa pepopunda kliniki, mwili wake hujijengea kinga. Kingamwili zake kisha hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, naye huzaliwa akiwa amekingwa dhidi ya pepopunda ya kitovu ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuchanjwa. Kinga hiyo ya mtoto humwisha baada ya miezi kadhaa, ndiyo maana naye huanza kuchanjwa akiwa bado mchanga.

Lakini ni kichaa cha mbwa kinachoonyesha vizuri kuliko ugonjwa mwingine wowote kwa nini nyakati fulani zote mbili zinahitajika kwa pamoja. Mate ya mbwa yakishaingia kwenye jeraha, kirusi hukaa kwanza kwenye msuli na nyama za hapo, wakati mwingine kwa siku, wakati mwingine kwa wiki nyingi. Baadaye huingia kwenye mishipa ya fahamu na kuanza kupanda kuelekea ubongoni. Kikishaingia humo, kingamwili hazikifikii tena kwa urahisi, na dalili zikianza, kama vile kuogopa maji na kupaliwa, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa kawaida safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Aliyeng'atwa kifundoni huwa na muda mrefu, bali aliyeng'atwa usoni, shingoni au kwenye vidole, mahali penye mishipa mingi ya fahamu, huenda asiwe nao.

Louis Pasteur alinufaika na urefu huo wa safari bila kuelewa undani wake wote. Tarehe 6 Julai 1885, jijini Paris, aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa kutoka Alsace, aliyekuwa ameng'atwa siku mbili kabla mikononi na miguuni. Kwa siku kumi hivi mtoto huyo alidungwa sindano 13 zilizotengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa, akaanza na ule mkavu kabisa, ambao makali yake yalikuwa yamekwisha, akamalizia na ule mbichi zaidi. Alipona. Mwili wake ulipata muda wa kujijengea kinga kabla kirusi hakijafika juu. Miaka mitano baadaye, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato wakaonyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga dhidi ya pepopunda yakidungwa kwa mnyama mwingine humlinda naye. Kwa muda mrefu njia hizo mbili zilikwenda kila moja upande wake.

Zilikutana Iran mwaka 1954. Mbwamwitu mwenye kichaa aliingia kijijini usiku na kuwang'ata karibu watu 30, wengi wao kichwani na usoni. Madaktari wa Taasisi ya Pasteur ya Tehran walikuwa na maji ya damu yenye kingamwili, wakayatumia kwa baadhi ya majeruhi pamoja na chanjo, na wengine wakapewa chanjo peke yake. Kati ya watu watano wenye majeraha ya kichwani waliopata chanjo tupu, watatu walikufa. Kati ya wenzao waliopata vyote viwili alikufa mmoja. Aliyeponea chupuchupu alikuwa mtoto ambaye jino la mnyama lilikuwa limetoboa fuvu lake. Yeye alirudishiwa kingamwili mara kadhaa, akaishi. Idadi ilikuwa ndogo, na hakuna aliyepanga jaribio lile, lakini baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa daktari yeyote kudai kwamba chanjo peke yake inatosha kwa jeraha la kichwani.

Tuchukue mfano wa leo: mtoto wa kilo 20 aliyeng'atwa shavuni na kwenye kiganja, damu ikatoka. Kabla ya sindano yoyote, majeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kwa sababu sabuni huvunja ganda la mafuta la kirusi. Kisha huja hesabu. Kingamwili za binadamu hupimwa yuniti 20 kwa kila kilo ya uzito, za farasi yuniti 40. Mtoto wetu atahitaji yuniti 400 za binadamu, ambazo kwa dawa yenye yuniti 150 kwenye kila mililita ni chini kidogo ya mililita tatu. Mdungaji huanza na shavu, kisha kiganja, akizungusha sindano ndani na kandokando ya kila tundu la jino. Majeraha yakiwa mengi kuliko dawa, dawa huongezwa maji ya chumvi ya hospitali ili itoshe kufika kila mahali. Chanjo huchomwa siku hiyohiyo kwa bomba jingine na mahali pengine mbali na majeraha, kisha hurudiwa kwa ratiba iliyochaguliwa, kwa mfano siku ya 3, ya 7 na kuendelea.

Kwa nini tahadhari ya kuzitenga? Kingamwili hazichagui kirusi hai na kirusi mfu. Zikikutana na virusi vya chanjo zitavifunika navyo, na seli za mtoto zitakosa cha kujifunzia. Hii pia ndiyo sababu kipimo hakiruhusiwi kuzidishwa hata daktari akiwa na dawa tele na huruma nyingi: ukipita kiasi, kinga ya kuazima huanza kuizuia ile ya kujijengea. Na ndiyo sababu kuna mpaka wa siku saba tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo mwili umeshaanza kutoa kingamwili zake, hivyo kuongeza za watu wengine hakuna faida tena.

Makosa mengi hutokea papo hapo kwenye jeraha. Zamani ilikuwa kawaida kudunga kidogo jerahani na kumalizia kiasi kikubwa kwenye tako, kwa kuamini kwamba damu itazisambaza. Husambaa kweli, lakini huyeyuka katika mwili mzima hadi kile kiasi kinachofika jerahani hakiwezi kufanya kazi ya maana. Wapo watu walioandikwa kwenye taarifa za kitabibu waliokufa ingawa walipata chanjo na kingamwili, na mara kwa mara uchunguzi ulionyesha kwamba kuna jeraha dogo ambalo halikudungwa, mkwaruzo nyuma ya sikio au kwenye nywele. Chanjo nayo ikichomwa kwenye mafuta ya tako hufanya kazi kwa udhaifu. Kosa la tatu ni la wagonjwa wenyewe: maumivu yakiisha na kidonda kikifunga, sindano zilizobaki husahauliwa, ilhali zile za kuazima zimeshaanza kupungua.

Aliyewahi kuchanjwa kabla hajang'atwa, kama wanavyofanyiwa madaktari wa mifugo na watu wanaozunguka vijijini kuchanja mbwa, hutendewa tofauti kabisa. Huoshwa jeraha, kisha hupata chanjo siku ya kwanza na ya tatu, basi. Hapewi kingamwili za kuazima hata jeraha likiwa kubwa. Seli zake za kumbukumbu huamka ndani ya siku chache na kumwaga kingamwili kwa wingi ambao mwili usiowahi kufundishwa hauwezi kuufikia kwa haraka hivyo.

Tatizo ni upatikanaji. Kingamwili za binadamu hutegemea watu wanaojitolea kuchanjwa na kutoa damu, na ni ghali. Za farasi ni nafuu, lakini zamani ziliwaletea watu wengi homa, vipele na maumivu ya viungo wiki moja baadaye. Za sasa zimesafishwa vizuri zaidi, ila kituo kinachozitumia bado kinapaswa kuwa na dawa ya kuokoa mtu mwenye mzio mkali. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki chanjo hupatikana kwa taabu, na kingamwili ni nadra zaidi. Jimbo la Himachal Pradesh nchini India lilikuwa na uhaba kama huo, na daktari Omesh Bharti akaanza kudunga kiasi kinachotosha jeraha tu, bila kupeleka kilichobaki kwenye tako. Chupa iliyomtosha mgonjwa mmoja ikawatosha kadhaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaubadilisha mwongozo wake kuelekea huko. India pia iliidhinisha kingamwili zinazotengenezwa na seli kwenye matangi kiwandani, bila farasi wala mtoa damu.

Kituo kisicho nazo kabisa hakisubiri. Huosha jeraha, huanza chanjo siku hiyo, na kutafuta kingamwili hospitali ya rufaa. Zikipatikana siku ya tano bado hudungwa jerahani. Zikifika siku ya tisa huachwa, na mgonjwa humaliza chanjo zake.