Wanaosubiri, wanaotazama, waliotazama

Agosti 21, 2020, saa 1 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kundi la BTS la Korea Kusini lilizindua video ya wimbo wao "Dynamite" kwenye YouTube. Hawakuipandisha tu na kuiacha watu waikute kwa wakati wao. Ukurasa wake ulikuwa wazi tangu mapema, mashabiki wakajaa humo wakipiga soga, na saa ilipofika video ikaanza kuchezwa kwa wote kwa pamoja, kama taarifa ya habari ya televisheni. Wakati wa kilele, watu zaidi ya milioni 3 walikuwa wanaitazama kwa dakika ileile. Saa 24 zilipotimia, ilikuwa imetazamwa mara milioni 101.1.

Milioni 3 na milioni 101 ni namba za video moja, lakini kila moja inapima jambo lake, na wasanii wetu huzichanganya karibu kila Ijumaa wanapojisifu mitandaoni. Aina hii ya uzinduzi, ambayo YouTube huiita Premiere, ilitangazwa Juni 2018. Tangu hapo ukurasa wa video iliyopangwa hivyo hupitia hatua tatu, na kila hatua ina neno lake kwenye skrini. Kabla ya muda kufika utasoma "waiting" na idadi ya wanaosubiri. Video ikianza, neno linageuka kuwa "watching now". Ikimalizika, linabaki "views", yaani mara ilizotazamwa, kama video nyingine yoyote. Akikuonyesha mtu picha ya skrini yenye namba, angalia kwanza neno lililo kando yake.

Tuseme kikundi cha maigizo kina filamu fupi ya dakika 24 na kinataka kuizindua Ijumaa saa 2 usiku. Kosa la kwanza ambalo kinaweza kulifanya ni kuipandisha Ijumaa yenyewe. Faili kubwa huchukua muda kupanda, kisha YouTube inahitaji muda wa kuichakata na kukagua kama kuna muziki au picha za mtu mwingine. Ikigundulika kwamba wimbo uliowekwa nyuma ya tukio la harusi una mwenyewe, video inaweza kuzuiwa wakati watu wameshaanza kukusanyika. Kwa hiyo ipandishwe siku mbili tatu kabla ikiwa "Private", ukaguzi uishe, ndipo ipangwe. Isiwekwe hadharani hata kidogo, kwa sababu video iliyokwisha kutolewa kwa umma haiwezi kurudishwa nyuma ikazinduliwa.

Kupanga kwenyewe ni kazi ndogo. Ndani ya YouTube Studio, kwenye sehemu ya "Visibility", unachagua "Schedule", unaweka tarehe na saa, kisha unatia alama kwenye kisanduku cha "Set as Premiere". Usipotia alama hiyo, video itatoka saa hiyo kimyakimya, bila kusubiriana wala soga. Ukitia, ukurasa wake unafunguka kwa umma papo hapo na kiungo chake kinaweza kuanza kusambazwa, hata kama siku ya uzinduzi iko wiki ijayo.

Kwenye saa ndipo Waswahili wanapojikwaa. Bango la WhatsApp linasema "saa 2 usiku", na aliyekabidhiwa simu anaandika 2:00 AM kwa sababu ameona 2 na ameona usiku. Filamu inazinduliwa saa 8 usiku, watu wamelala. Saa yetu mbili usiku ni 8:00 PM, au 20:00 kama Studio yako inaonyesha saa 24, na ni vizuri mtu wa pili aisome kabla ya kuhifadhi. Kwa watazamaji walio mbali tatizo hilo halipo, kwani YouTube humwonyesha kila mmoja muda wa mahali alipo. Saa 2 usiku ya Dar es Salaam au Mombasa ni saa 1 usiku Bujumbura, Kigali na Goma, na ni saa 3 usiku Muscat. London wakati wa kiangazi ni saa 12 jioni, na wakati wa baridi ni saa 11. Kwa walioko Minneapolis ni adhuhuri au karibu nayo, watu wako kazini. Chaneli ambayo nusu ya watazamaji wake wako Marekani ingefikiria Jumapili badala ya Ijumaa.

Kabla ya video kuanza, skrini inahesabu muda kurudi nyuma huku muziki ukichezwa. Kwa kawaida huchukua dakika 2, na mwenye chaneli anaweza kuchagua mandhari nyingine. Sekunde hizo hazibaki ndani ya video. Atakayeitazama kesho hatajua kwamba zilikuwapo. Kuna pia nafasi ya kuweka trela ya kuanzia sekunde 15 hadi dakika 3, ambayo huchezwa kwa anayefika mapema, na si haba, kwa sababu mtu anayegusa picha nzuri akidhani ni filamu kisha akakuta saa tupu inayohesabu huondoka na hasira. Anayetaka kurudi anagusa "Notify me". Simu yake itamkumbusha takriban nusu saa kabla, na tena video inapoanza. Hawa waliogusa kitufe ndio mtaji wako halisi usiku huo.

Kisha kuna soga, ambayo kwangu mimi ndiyo sababu pekee ya kufanya jambo hili. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 200 na unapita haraka, hivyo hakuna mjadala wa maana humo. Kuna vicheko, salamu za "nipo Songea", na maswali kwa mwigizaji ambaye naye ameketi anaandika. Kama mhusika mkuu hayumo, watu huhisi. Waandaaji wajigawe: mmoja ajibu, mwingine apewe mamlaka ya usimamizi afute matusi. Studio inaruhusu kuandaa orodha ya maneno ya kuzuiwa, lakini tusi la mtaani hubadilishwa herufi moja likapenya, na hapo ni jicho la mtu tu linalosaidia. Watu wakizidi, washa "Slow mode", ambayo humlazimisha kila mmoja asubiri sekunde kadhaa kabla ya ujumbe wake mwingine.

Soga ina kasoro ambayo haikwepeki. Video inamfikia kila mtu kadiri mtandao wake unavyoruhusu, lakini ujumbe hufika mara moja. Mwenye mtandao mzuri anaandika "jamani kumbe ni dada yake!" na aliyekwama kwenye bando la kusuasua anausoma kabla hajaona. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyerudisha nyuma; inaruhusiwa kurudi nyuma, ila huwezi kuruka mbele ya pale walipofika wengine. Baada ya uzinduzi, soga yote inaweza kubaki na kuchezwa upya kando ya video, kila ujumbe ukitokea kwenye dakika yake. Kwa mtunzi hiyo ni hazina: anaona hasa ni mstari gani uliochekesha, na ni wapi watu walianza kuzungumzia mambo mengine.

Sasa tufuate namba za kikundi chetu. Saa inapohesabu, ukurasa unaonyesha watu 96 wanasubiri. Dakika ya sita wanaotazama ni 140, na hicho ndicho kilele. Dakika ya 18 wamebaki 85. Video inapomalizika na neno "views" kutokea, namba inasema 310, na mtu wa kikundi anapiga simu akiuliza nani amechezea hesabu. Hakuna aliyechezea. Wale 140 ni waliokuwamo kwa wakati mmoja tu. Wengine waliingia dakika ya pili wakatoka ya tano, wengine wakaja baadaye, na kila aliyetazama ana hesabu yake. Wapo pia waliofika dakika ya 15 wakakutana na filamu ikiwa katikati, kwa sababu anayechelewa huanzia walipo wenzake. Ikiisha, wanaiangalia upya tangu mwanzo, na hiyo inaweza kuwa hesabu ya pili ya mtu yuleyule. Jumatatu namba ikisoma 900, zile 310 zimo ndani yake; uzinduzi hauna daftari lake la pembeni.

YouTube huhesabu pale mtu mwenyewe anapokusudia kutazama, na huondoa michezo inayoonekana kuendeshwa na programu. Kurudia kwa kawaida kunakubaliwa, lakini mtu akiifungua upya na upya usiku kucha, kuna mahali mfumo unaacha kumhesabu. Ndiyo maana namba wakati mwingine husimama au kupungua. Zamani ilikuwa wazi zaidi: hadi Agosti 2015 video nyingi zilikwama kwenye 301 huku ukaguzi ukiendelea. Ushindani wa saa 24 nao ulibadilishwa Septemba 2019. Kabla ya hapo kampuni za muziki zililipia video iingizwe kama tangazo na kila tangazo lililotazamwa likaongeza rekodi. Tangu hapo hesabu ya rekodi hiyo haijumuishi matangazo ya kulipia. Rekodi ya BTS ilipatikana chini ya kanuni hii mpya.

Kutazama pamoja bila mwenye video kupanga chochote ni jambo jingine, na hesabu yake inategemea ni vifaa vingapi vimefungua video. Wakati wa karantini ya 2020 watu wengi walijua programu ya Netflix Party, ambayo siku hizi inaitwa Teleparty. Inaunganisha kompyuta za marafiki ili filamu ianze na kusimama kwa wote kwa pamoja, na soga ikae kando. Kila mmoja anatumia akaunti yake na filamu inatoka kwenye mtambo kwenda kwake moja kwa moja, kwa hiyo watu sita ni watazamaji sita. Facebook nayo ilikuwa na chumba chake cha Watch Party tangu 2018, ikakifunga 2021. Lakini mtu akishirikisha skrini yake kwenye Zoom, wenzake wote wanaona picha ya skrini yake. Video imefunguliwa mara moja, na inahesabiwa mara moja.

Ndivyo ilivyo pia kwenye kibanda umiza. Filamu ya kikundi chetu ikiwekwa kwenye runinga moja na watu 60 wakaitazama kwa kiingilio, YouTube inaona mtazamaji mmoja, na pesa ya kiingilio haimfikii mtunzi. Akitaka wahesabiwe, kiungo kibandikwe ukutani kila mtu afungue kwenye simu yake, jambo ambalo mwenye kibanda hana sababu ya kulikubali. Kwa chaneli yenye wafuasi 70, mimi ningeacha uzinduzi kabisa: soga yenye watu watatu inaonekana, na wale watatu wanaona kwamba inaonekana. Ningeitoa video kwa njia ya kawaida, ningewaalika watu ukumbini, na namba ya kutoa kwa mdhamini ingekuwa ile ya vichwa vilivyohesabiwa mlangoni.