Imla ya Kifaransa: kazi huanza kalamu ikishawekwa chini

Mfaransa akitamka *parler*, *parlé*, *parlée*, *parlés* na *parlez*, sikio lako linapokea sauti moja tu. Maandishi yanadai maumbo matano tofauti, na kila moja lina mahali pake pa lazima. Sisi tuliokulia katika Kiswahili tumezoea kuandika tunachokisikia, kwa hiyo hapo ndipo pa kwanza kukwama. Tunasikiliza vizuri, tunaandika kwa uaminifu, na daftari linarudi limejaa wino mwekundu.

Chanzo cha tatizo ni rahisi kukieleza. Kiswahili huweka upatanisho mwanzoni mwa neno, nao husikika: *vikombe vidogo vyeupe*. Hata ukiwa mlango wa pili unajua ni vingi. Kifaransa huuweka mwishoni, kisha mara nyingi hakiutamki. Katika *les petites tasses blanches* kuna herufi *s* nne za wingi, ila anayesikiliza anaujua wingi kwa neno dogo la mwanzo, *les*, basi. Hizo *s* tatu zinazofuata lazima zitoke kichwani mwa mwandishi. Ndiyo maana imla ya Kifaransa hupima sarufi kuliko inavyopima sikio, na anayeisahihisha kana kwamba ni mtihani wa kusikiliza anapoteza muda wake.

Wafaransa wenyewe wameigeuza imla kuwa mchezo wa kuwindana. Mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée alitunga imla ya mitego kwa ajili ya wageni wa Napoleoni wa Tatu, na inasimuliwa kwamba mfalme huyo alipata makosa 75. Shuleni nako, kwa miaka mingi, makosa matano katika imla ya cheti cha elimu ya msingi yalitosha kumpa mtoto sifuri. Kama burudani ya ikulu, sawa. Kwa anayejifunza lugha, matini ya mitego ni hasara, kwa sababu inamkamatisha maneno ambayo hatayaona tena maishani huku *leur* na *leurs* zikiendelea kumsumbua kila siku.

Basi uchague matini gani? Anza na urefu. Kwa anayejifunza kwa mwaka wa kwanza au wa pili, maneno hamsini hadi themanini yanatosha kabisa. Ukizidisha hapo, usahihishaji unakuwa mrefu kuliko subira yako. Pili, soma kwanza matini jirani ya mwandishi yuleyule au ya kitabu kilekile. Ukikuta maneno mawili au matatu mapya katika aya nzima, endelea nayo. Yakiwa manane, iache, maana utakuwa unapima msamiati na si tahajia. Tatu, tafuta matini yenye watu wengi na vitenzi vingi. Hadithi fupi ya wakati uliopita, yenye *elles* na *ils*, itakufanyisha kazi kubwa kuliko maelezo ya mandhari.

Wengi huchukua taarifa za habari, na Redio Ufaransa ya Kimataifa, ileile yenye idhaa ya Kiswahili, ina kipindi cha habari kiitwacho *Le Journal en français facile* ambacho maandishi yake hutolewa pamoja na sauti. Ni chanzo kizuri, ila kina kasoro moja: habari zimejaa majina ya mawaziri na miji. Ruka sehemu hizo. Tafuta kipande cha nusu dakika kinachoeleza jambo, uache kile kinachoorodhesha watu.

Usomaji una utaratibu wake wa zamani, na una sababu. Matini husomwa yote mara moja kwa mwendo wa kawaida, kalamu ikiwa mezani, ili ujue habari inamhusu nani. Kisha husomwa kwa vipande vya maneno manne hadi saba, kila kipande mara mbili, na vituo vinatajwa kwa sauti: *virgule*, *point*, *à la ligne*. Mwisho husomwa yote tena. Msomaji mzuri hakati kipande katikati ya kundi la maneno linalokwenda pamoja. Akisema *avec leurs*, akanyamaza, kisha *paniers*, amekunyima jambo ulilohitaji. Ukiwa peke yako, tumia rekodi ya mtu mwingine na usiirudishe nyuma zaidi ya mara mbili. Ukijirekodi mwenyewe, sauti yako itakuwa imeshaiona tahajia. Andika kwa kalamu, ukiruka mstari mmoja kila mara. Simu haifai, kwa sababu inakurekebishia kabla hujajua kwamba ulikosea.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa pili mjini Mombasa amesomewa aya hii niliyoitunga kwa makusudi:

*Chaque matin, les deux sœurs descendaient au marché avec leurs paniers. Elles achetaient du poisson frais, des oignons et des mangues bien mûres. Quand la pluie commençait à tomber, elles s'abritaient sous un grand arbre. Ce jour-là, le vendeur leur a donné trois citrons qu'il avait cueillis lui-même.*

Yeye akaandika hivi:

*Chaque matin, les deux sœur descendait au marché avec leur paniers. Elles achetait du poisson frais, des zonions et des mangues bien mur. Quand la pluie commençait a tombé, elles sabritaient sous un grand arbre. Ce jour-là, le vendeur leurs a donner trois citrons qu'il avait cueilli lui-même.*

Makosa kumi na mawili. Kwa mwalimu wa mtindo wa zamani hii ni sifuri na habari imekwisha. Lakini idadi hiyo haituambii lolote mpaka tuyagawe. Mtaalamu wa tahajia ya Kifaransa, Nina Catach, alisisitiza kwamba makosa hayatoki mahali pamoja, na hapa tunaweza kuyatenga katika mafungu matatu bila kuingia kwenye istilahi zake.

Fungu la kwanza ni la sikio, na lina mawili tu: *zonions* na *sabritaient*. *Des* inapokutana na irabu, *s* yake huamka na kusikika kama *z*, na mwanafunzi akadhani *z* hiyo ni ya kitunguu. Katika *s'abritaient* hakusikia mpaka wa maneno. Makosa ya namna hii huponywa kwa kusikiliza zaidi. Kwa msemaji wa Kiswahili fungu hili huvimba pale matini inapokuwa na *rue* na *roue*, au *dessus* na *dessous*, kwa kuwa ile *u* ya Kifaransa hatunayo. Mtu akikosea hapo mara kwa mara, aache imla kwanza, ajizoeze kuzitofautisha kwa mdomo.

Fungu la pili ni la maneno yanayotamkwa sawa: *a* badala ya *à*, *tombé* badala ya *tomber*, *donner* badala ya *donné*. Hapa sikio halina msaada wowote, ila kuna hila ambayo watoto wa Kifaransa hufundishwa mapema. Weka kitenzi ambacho maumbo yake yanasikika tofauti, kama *vendre* na *vendu*. Utasema *commençait à vendre*, kamwe si *commençait à vendu*. Basi ni *tomber*, kwa *-er*. Utasema *leur a vendu*. Basi ni *donné*. Na *a* ijaribu kwa *avait*: sentensi ikikataa, kama inavyokataa hapa, herufi hiyo inataka alama juu yake.

Saba yaliyobaki ni ya upatanisho, na huko ndiko mwanafunzi huyu anakopaswa kupeleka nguvu zake: *sœur*, *descendait*, *leur paniers*, *achetait*, *mur*, *leurs a donné*, *cueilli*. Tazama jinsi *leur* ilivyomponyoka mara mbili, kila mara upande wa pili. Mbele ya nomino, *leur* hufuata idadi ya vitu vinavyomilikiwa, na vikapu ni vingi, kwa hiyo *leurs paniers*. Mbele ya kitenzi ina maana ya “wao” waliopewa, na haichukui *s* hata wakiwa elfu. Kipimo chake ni *lui*: ukiweza kusema *le vendeur lui a donné*, usitie *s*.

*Cueillis* ndilo gumu kuliko yote, na kwa ngazi yake nisingemlaumu. Kitenzi kikisaidiwa na *avoir*, umbo la mwisho hupatana na kitendwa ikiwa kitendwa kimetangulia. Hapa ndimu zimetangulia kwa njia ya *qu'*, nazo ni tatu, za jinsia ya kiume. Kwa hiyo *s*. Anayetaka kuisikia kanuni hii abadili ndimu ziwe machungwa, ambayo ni ya kike, na *cueillir* iwe *prendre*: *trois oranges qu'il avait prises*. Sasa mwisho wa neno unasikika waziwazi.

Kabla ya kuhesabu, msahihishaji awe makini na marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990. *Mûr* bado hubeba kofia yake katika umoja wa kiume, lakini *mures* bila kofia inakubalika, na *ognons* pia. Kwa hiyo kosa la mwanafunzi wetu katika *mur* ni kukosekana kwa *-es*, kofia tumsamehe.

Makosa mengi kati ya hayo saba yangeweza kunaswa kabla daftari halijamfikia mwalimu, lau mwanafunzi angeyapitia maandishi yake kwa mpangilio. Kusoma tena “kwa makini” hakusaidii, kwani jicho huona lilichokusudia. Pitia mara ya kwanza ukitafuta vitenzi peke yake: pigia kila kimoja mstari, kisha chora mshale kurudi kwenye kiima chake. Mshale wa *achetait* ungetua kwenye *Elles*, na kosa lingejitangaza lenyewe. Pitia mara ya pili kuanzia *les*, *des*, *deux*, *trois* na wenzao, ukiuliza nani anawafuata. Mishale miwili au mitatu ya mwanzo itakuchukua muda. Baada ya wiki chache unachora bila kufikiri.

Baada ya kulinganisha na matini halisi, usiandike neno lililokosewa mara ishirini. Ukirudia *descendaient* mkono utalijua neno hilo moja, na kesho *montaient* litakushinda kwa sababu ileile. Andika sentensi nzima iliyosahihishwa, na pembeni yake sababu kwa maneno yako: “kiima ni *elles*”. Tenga kurasa tatu za daftari, moja kwa kila fungu, na ubandike kila kosa mahali pake. Baada ya imla nne au tano utaona ukurasa upi unajaa haraka.

Matini ileile irudie baada ya wiki moja, bila kuitazama katikati. Makosa yakishuka kutoka kumi na mawili hadi matatu, usifurahi mapema, kwani huenda umeikariri. Kipimo cha kweli ni matini mpya yenye ugumu uleule. Kwa mwanafunzi wetu ningetafuta aya ya watu wawili au watatu, katika wakati uliopita, yenye *leur* angalau mara nne, mbili mbele ya nomino na mbili mbele ya kitenzi. Kanuni ya *cueillis* ningeiweka kando kwa miezi kadhaa, mpaka ule ukurasa wa upatanisho uache kujaa *-ait* palipotakiwa *-aient*.