Kiungulia na Maswali ya Mfamasia

Tuchukulie mama wa miaka 60 ameingia duka la dawa pale Ukunda, akaomba vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Mfamasia mjuzi hakimbilii rafu.

"Mama, maumivu hayo huzidi ukitembea au ukipanda ngazi? Huenda hadi mkononi au kwenye taya, ukatoka jasho?"

Hilo huanza, kwa kuwa maradhi ya moyo huweza kujifanya kiungulia. Lau angejibu ndiyo, angepelekwa hospitali papo hapo.

"La, mwanangu. Huja nikishakula, na nikilala."

"Chakula hukwama ukimeza? Umekonda bila sababu?"

"Sivyo."

"Na dawa gani nyingine unazotumia?"

"Ni diklofenaki tu, ya magoti. Mwezi wa pili huu."

Hapo ndipo penye jambo. Wengi wetu hatudhani kuwa dawa ya magoti yahusu tumbo, ilhali diklofenaki, na ibuprofeni na aspirini vilevile, hudhoofisha utando unaolikinga tumbo, hata pakafanyika kidonda kinachovuja damu. Likabaki swali ambalo mama zetu hulionea haya.

"Choo chako kina rangi gani?"

"Cheusi, tangu juzi. Chanata kama lami."

Vidonge vya kuongeza damu navyo hukitia choo weusi. Akamwuliza, akasema hatumii. Basi hakumwuzia kitu. Alimwambia aache diklofenaki, apelekwe hospitali ya Msambweni siku hiyo hiyo, akamwandikia jina la dawa kwenye karatasi amkabidhi daktari.